Kutafsiri wasifu mfupi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza bila kuufanya uwe mgumu kama fomu

Wasifu mfupi wa Kiswahili hujibu kwanza swali la mtu huyu ni wa wapi na ni wa nani. Ndiyo maana huanzia kijijini, ukapita kwa wazazi na shule, kisha ukafika kazini. Wasifu wa Kiingereza unaochapishwa kwenye kijitabu cha tamasha, kwenye ratiba ya mkutano au nyuma ya kitabu hujibu kwanza swali jingine, nalo ni mtu huyu anafanya nini na kwa nini tumekutana naye hapa. Mtafsiri anayehamisha sentensi moja moja kwa mpangilio wake anaweza kupata Kiingereza kisicho na kosa hata moja la sarufi, na bado msomaji akahisi kwamba anasoma fomu ya uhamiaji. Tatizo hilo haliondoki kwa kutafuta msamiati mzuri zaidi katika kamusi, kwa sababu haliko kwenye maneno peke yake. Liko kwenye mpangilio, kwenye nyakati za vitenzi, na kwenye sifa ambazo Kiswahili huzitamka wazi ilhali Kiingereza hutaka zithibitishwe kwa matendo.

Mwongozo huu unafuata wasifu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata umbo la wasifu ambao wasanii wengi wa Tanzania huwa nao, na mhusika nimemwita X. Tuseme waandaaji wa tamasha la Ulaya wameuomba kwa Kiingereza, katika nafsi ya tatu, usiozidi maneno 90. Huu hapa:

"Mwl. X alizaliwa mwaka 1984 katika kijiji cha Kaole, wilayani Bagamoyo, mkoa wa Pwani, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba. Alipata elimu yake ya msingi na sekondari hapo hapo Bagamoyo, na baadaye alibahatika kujiunga na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kama TaSUBa, ambapo alitunukiwa stashahada ya sanaa za maonyesho mwaka 2009. Ni msanii mahiri na mbobezi wa ngoma za asili mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi na tano, ambaye ameshiriki matamasha mbalimbali ndani na nje ya nchi. Mwaka 2012 alianzisha kikundi ambacho kimekuwa kikitoa mafunzo ya ngoma kwa watoto na vijana, hususan wa kike, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika ngoma. Pia ni mlezi wa vikundi kadhaa vya sanaa na mdau mkubwa wa utamaduni. Ameolewa na amejaaliwa watoto watatu."

Kwa Kiswahili wasifu huu hauna kasoro. Una heshima, una mtiririko, na msomaji wa Bagamoyo anamweka X mahali pake mara moja. Sasa tazama sentensi ya kwanza ikihamishwa kama ilivyo: "Teacher X was born in 1984 in Kaole village, Bagamoyo District, Coast Region, being the fourth child among seven children." Kila neno ni sahihi, lakini msomaji wa kijitabu cha tamasha amekwishapewa tarehe, ngazi tatu za utawala na nafasi ya kuzaliwa kabla hajaambiwa kwamba X anapiga ngoma.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kutafsiri

Kiswahili huruhusu mambo kadhaa yabaki bila kutajwa, na Kiingereza hakiruhusu. La kwanza ni jinsia. Kiambishi "a-" hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo unaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu mtu bila kulifichua jambo hilo. Katika wasifu wetu, neno moja tu ndilo linaloonyesha kwamba X ni mwanamke, nalo ni "ameolewa", lililo katika sentensi ya mwisho. Mtafsiri aliyeanza kazi bila kusoma hadi mwisho huenda akaandika "he" kwa sababu tu ya kudhani kwamba wapiga ngoma ni wanaume, na kama sentensi ile ya mwisho itafutwa, hakuna atakayeligundua kosa hilo mpaka kijitabu kimechapwa. Jina nalo halitoshi kuwa ushahidi, maana yapo majina mengi ambayo hubebwa na wanaume na wanawake pia. Muulize mhusika anataka kiwakilishi gani, hata pale unapodhani unajua.

La pili ni neno "ngoma" lenyewe. Kwa Kiswahili ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, na ni shughuli nzima yenye waimbaji na watazamaji. Kiingereza kitakulazimisha uchague. Ukiandika "traditional dance", umesema X ni mchezaji. Ukiandika "drumming", umesema ni mpigaji. Hakuna kamusi itakayokuamulia, kwa sababu jibu liko kwa X. Tuseme ulipomuuliza alijibu kwamba yeye hupiga, na kwamba katika kikundi chake pia hufundisha kupiga, ingawa uchezaji upo. Basi neno lako ni "drummer", na suala hilo limekwisha.

La tatu ni "mbalimbali" na "kadhaa". Maneno haya mawili hupita kwa urahisi katika Kiswahili, na msomaji hayahesabu kuwa upungufu. Yakigeuzwa kuwa "various" na "several", sentensi ya Kiingereza huonekana kama inaficha kitu. Muulize X: matamasha gani, na vikundi vingapi? Tuseme alijibu kwamba ameshiriki Sauti za Busara kule Zanzibar na matamasha mengine Kenya na Uganda, na kwamba vikundi anavyovilea ni vitatu. Sasa una majina na idadi, na hayo ndiyo yatakayobeba uzito uliokuwa umebebwa na "mbalimbali".

La nne ni "mlezi". Tafsiri ya kawaida ya mlezi wa kikundi ni "patron", na mara nyingi inafaa, hasa pale mlezi anapokuwa mbunge, mfanyabiashara au mtu mwenye jina kubwa anayekipa kikundi ulinzi na heshima. Lakini msomaji wa Kiingereza akisoma "patron" hufikiria mfadhili au mtu mashuhuri aliyeazima jina lake. Muulize X anafanya nini hasa katika vikundi hivyo. Akikwambia kwamba huhudhuria mazoezi, husuluhisha migogoro na huwasaidia viongozi wao kuandika barua kwenda halmashauri, basi kitenzi kinachomfaa ni "mentors". Neno "guardian", ambalo baadhi ya kamusi hulitaja kwanza, usiliguse kabisa, kwa sababu linamaanisha mtu mwenye dhamana ya kisheria juu ya mtoto.

Maswali haya yote yanaingia katika ujumbe mmoja wa simu. Yaandike kwa Kiswahili, yawe mafupi, na uyatume pamoja. Mhusika akiulizwa mara tano kwa siku tano hukata tamaa na kujibu "wewe andika unavyoona".

Hatua ya pili: panga upya kabla ya kugusa maneno

Chukua wasifu wa Kiswahili na uorodheshe habari zake bila sentensi: kuzaliwa, ndugu, shule, chuo, stashahada, uzoefu, matamasha, kikundi, ulezi, ndoa, watoto. Kisha jiulize ni ipi kati ya hizo iliyomfanya mwandaaji amwalike X. Jibu ni kazi yake ya kupiga na kufundisha ngoma, hasa kikundi alichokianzisha mwaka 2012. Hiyo ndiyo inayokwenda mbele. Chuo na matamasha vinafuata kama uthibitisho. Kijiji alikozaliwa hakiachwi, lakini kinahama: hakibaki mlangoni, kinakwenda mahali ambapo kitakuwa na kazi ya kufanya. Ikiwa kikundi kinafanyia mazoezi Kaole, na X amekuthibitishia hivyo, basi kijiji hicho kinaungana na kikundi katika sentensi moja, na msomaji anaelewa bila kuelezwa kwamba X amefundisha pale pale alikozaliwa.

Ngazi za utawala zinapungua. Msomaji wa Tanzania anahitaji wilaya na mkoa kwa sababu anaijua ramani, na kwa sababu majina ya vijiji hujirudia. Msomaji wa mbali anahitaji kitu kimoja tu kitakachomsaidia kuona mahali penyewe, kwa mfano kwamba Bagamoyo iko pwani ya Tanzania. "Coast Region" haimwambii hivyo. Ni jina la mkoa tu, na akilisoma hatajua kama ni mkoa wa kiutawala au ni maelezo ya jiografia.

Kuhusu ndoa na watoto, sikubaliani na wale wanaosema kwamba habari hizo ni za kukatwa siku zote. Katika wasifu wa marehemu, katika kitabu cha kumbukumbu ya ukoo, au katika utangulizi wa diwani ambayo mwandishi ameitunga kwa ajili ya wanawe, familia ni sehemu ya habari yenyewe na lazima ibaki. Katika kijitabu cha tamasha chenye nafasi ya maneno 90 haina nafasi. Uamuzi unatokana na mahali wasifu utakaposomwa, na haki ya kuufanya ni ya mhusika, mtafsiri anapendekeza.

Hatua ya tatu: nyakati za vitenzi

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapojifichua, kwa sababu kiambishi "-me-" kinafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa katika maumbo matatu tofauti.

Kwanza kuna "-me-" ya hali. "Ameolewa" inaeleza alivyo sasa, si tendo lililopita. Kiingereza chake ni "is married". Ukiandika "has been married", msomaji ataelewa kwamba aliwahi kuolewa na huenda ndoa hiyo haipo tena, jambo ambalo ni zito kumzushia mtu katika maandishi yanayosambazwa. Vivyo hivyo "amestaafu" ni "is retired", na "amebobea katika" ni "specialises in".

Pili kuna "-me-" ya uzoefu: "ameshiriki matamasha". Hapa "has performed at" inafaa kabisa, kwa kuwa hakuna tarehe. Lakini mara tarehe inapoingia, Kiingereza hukataa umbo hilo. Katika mazungumzo mtu anaweza kusema "mwaka 2018 ameshiriki tamasha" na asikosolewe, ila "in 2018 she has performed" ni kosa ambalo msomaji mzawa wa Kiingereza hulisikia papo hapo. Kanuni ya kufanyia kazi ni rahisi: penye mwaka uliokwisha, tumia wakati uliopita wa kawaida, yaani "performed", "founded", "joined".

Tatu kuna "kimekuwa kikitoa mafunzo", muundo unaopendwa sana katika Kiswahili cha ofisi na cha habari. Tafsiri ya moja kwa moja, "has been providing training", ni sahihi kisarufi, lakini inachukua maneno manne kueleza jambo ambalo "teaches" inalieleza kwa neno moja. Kama kazi bado inaendelea, wakati uliopo wa kawaida unatosha. Utaona pia kwamba nimeondoa nomino "mafunzo". Kiswahili rasmi hupenda kitenzi chepesi pamoja na nomino nzito: kutoa mafunzo, kufanya utafiti, kutoa huduma. Kiingereza cha wasifu hupumua vizuri zaidi kitenzi kinapobeba kazi chenyewe: "teaches", "researches", "treats".

Hatua ya nne: sifa, unyenyekevu na vyeo

"Msanii mahiri na mbobezi" ni heshima ya kawaida katika Kiswahili, na aliyeachwa bila sifa hata moja anaweza kuonekana amedharauliwa. Kiingereza cha wasifu kina desturi nyingine. Wasifu huchukuliwa kuwa umeandikwa na mwenyewe hata ukiwa katika nafsi ya tatu, kwa hiyo "a talented and expert artist" humfanya msomaji ahisi kwamba X anajisifu. Usiitupe sifa hiyo. Ibadilishe iwe ushahidi. Miaka zaidi ya kumi na tano jukwaani, tamasha lenye jina, wanafunzi ambao hawakuwa wamewahi kushika ngoma: hayo yanasema "mahiri" na "mbobezi" bila kuyataja. Kama ipo sifa iliyotolewa na mtu mwingine, kwa mfano mchambuzi wa gazeti, hiyo inaweza kunukuliwa pamoja na jina la gazeti.

"Mdau mkubwa wa utamaduni" ni mfano mgumu zaidi. "Stakeholder" ni neno la mikutano ya miradi na ya makampuni, na "a big stakeholder of culture" haina maana yoyote kwa msomaji wa tamasha. Nimejaribu kutafuta kisawe na sioni kinachofaa, kwa sababu katika Kiswahili cha sasa "mdau" linasema tu kwamba mtu anajali jambo na hujitokeza linapohitaji watu. Katika wasifu wetu sentensi nyingine zimekwishalionyesha hilo, kwa hiyo neno hili linaachwa bila hasara. Lingekuwa limesimama peke yake, ingebidi kurudi kwa X na kumuuliza udau wake unaonekana katika tendo gani.

Unyenyekevu nao una mtego wake. "Alibahatika kujiunga" halimaanishi kwamba X aliingia chuoni kwa bahati nasibu. Ni namna ya adabu ya kutojikweza. "Was lucky to join" huleta maana halisi ya bahati, na msomaji anaweza kujiuliza kama X alistahili nafasi ile. Andika "studied at" au "trained at", basi. Hali ni hiyo hiyo kwa "kwa neema ya Mungu alifanikiwa", ambayo mhusika mwenye imani anaweza kutaka ibaki. Akitaka, ibaki katika sehemu inayomhusu yeye, kama shukrani, na isiwekwe kama sababu ya kupata shahada.

Vyeo vinahitaji uangalifu wa aina mbili. "Dkt." na "Prof." vinavuka bila shida. "Mwl." havuki, kwa kuwa Kiingereza hakimwiti mtu "Teacher X", ualimu unakuwa nomino katika sentensi, "a drummer and teacher". Na "Mhandisi" mbele ya jina hali kadhalika, hugeuka kuwa "an engineer" ndani ya maelezo. "Bi", "Mzee", "Mama" na "Ndugu" kwa kawaida huachwa, isipokuwa pale ambapo neno hilo limekuwa sehemu ya jina la kazi. Mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, Fatuma binti Baraka, alijulikana duniani kote kama Bi Kidude, na hakuna mtafsiri aliyekuwa na haki ya kumwita Kidude peke yake. Ukiwa na shaka, angalia jina linavyoonekana kwenye mabango na rekodi za mhusika mwenyewe.

Ukumbuke pia kwamba gazeti au tamasha la Ulaya likimtaja mtu mara ya pili hutumia jina la mwisho. Kwa Mtanzania mwenye majina matatu, jina la mwisho mara nyingi ni la babu, na mhusika anaweza kushangaa kuona anaitwa kwa jina la babu yake katika maelezo yote. Njia salama ni kutaja jina kamili mara moja na kuendelea na "she" au "he" hadi mwisho.

Hatua ya tano: majina ya taasisi

Jina la taasisi halitafsiriwi kwa kubuni. Taasisi nyingi za Tanzania zina jina rasmi la Kiingereza, na kulitafsiri upya ni kuanzisha taasisi isiyokuwepo. Baraza la Kiswahili la Taifa ni National Kiswahili Council. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ni Vocational Education and Training Authority, na kifupi chake, VETA, kimetoka katika jina hilo la Kiingereza. Angalia tovuti ya taasisi au nembo iliyo kwenye cheti cha mhusika. Pale ambapo kifupi ndicho kinachotumika zaidi, kama ilivyo kwa TaSUBa, kiache jinsi kilivyo, herufi kubwa na ndogo zikiwa mahali pake, na ukifuatishe maelezo mafupi: "TaSUBa, Bagamoyo's arts institute". Maelezo hayo hayajifanyi kuwa jina rasmi, na msomaji anapata anachohitaji.

Ngazi za elimu zina visawe vinavyokubalika: astashahada ni "certificate", stashahada ni "diploma", shahada ya uzamili ni "master's degree", na shahada ya uzamivu ni "PhD". Katika ombi la ufadhili wa masomo ngazi hizo lazima zitajwe pamoja na mwaka. Katika kijitabu cha tamasha, chuo kinatosha.

Hatua ya sita: andika, kisha hesabu

Sasa maelezo yapo na mpangilio upo. Andika bila kuutazama wasifu wa Kiswahili. Ukiwa nao mbele ya macho, jicho litarudi kwenye "ambaye", "ambapo" na "huku", na utajikuta ukiandika sentensi moja yenye vishazi vitano. "Ambapo" hasa ina tabia ya kugeuka "whereby", neno ambalo katika Kiingereza linafaa utaratibu au mkataba, si chuo alichosoma mtu. Ukikuta "whereby" katika rasimu yako, ifungue sentensi hiyo na uigawe mara mbili.

Hii ndiyo rasimu yangu:

```
X is a drummer and teacher from Bagamoyo, on Tanzania's coast. In 2012 she founded a group that teaches drumming to children and young people, especially girls, many of whom had never touched a drum before. The group rehearses in Kaole, the village where she was born. She studied performing arts at TaSUBa, Bagamoyo's arts institute, and has been performing for more than fifteen years, including at Sauti za Busara in Zanzibar and at festivals in Kenya and Uganda. She also mentors three other groups.
```

Ni maneno 85. Kuhesabu ni muhimu kwa sababu Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "aliwafundisha" ni neno moja, na "she taught them" ni matatu. Wasifu wa Kiswahili uliotimiza ukomo wa maneno unaweza kuuvuka kwa mbali ukigeuzwa Kiingereza, kwa hiyo usimwahidi mwandaaji kwamba utaingia kabla hujahesabu.

Yapo mambo mawili katika rasimu hii yanayohitaji kukaguliwa. La kwanza ni "many of whom". Kiswahili kimesema "ambao wengi wao", na "wengi" inaweza kuwa "many" au "most". Nimechagua iliyo dhaifu, kwa sababu kudai pungufu si kosa ilhali kudai ziada ni kosa; X akithibitisha kwamba ni zaidi ya nusu, ibadilishwe. Tena, katika Kiswahili "wengi wao" inaweza kuwarejelea watoto na vijana wote, au wasichana peke yao, na Kiingereza nilichokiandika kinaegemea wasichana. Nalo hilo ni la kumuuliza. La pili ni "young people". Vijana kwa matumizi ya Tanzania ni kundi pana, na sera ya vijana inawahesabu hadi umri wa miaka 35, kwa hiyo "teenagers" ingewapunguza.

Hatua ya saba: kupima na kurudisha

Soma Kiingereza kwa sauti, taratibu, kana kwamba wewe ndiye mtangazaji anayemkaribisha X jukwaani. Mahali unapokosa pumzi, au unapolazimika kurudia ili uelewe, ndipo Kiswahili kilipobaki chini ya sentensi. Kisha mpe mtu asiyejua Kiswahili, umwache asome mara moja, uuchukue wasifu, na umwombe akuambie X ni nani. Akisema "anafundisha wasichana kupiga ngoma", umefaulu. Akisema "ni mtu wa Tanzania mwenye diploma", mpangilio wako bado ni wa Kiswahili.

Baada ya hapo rudi kwenye orodha ya habari uliyoiandika katika hatua ya pili, na uweke alama kwa kila moja: imebaki, imehama, imeachwa. Katika kazi hii zilizoachwa ni mwaka wa kuzaliwa, idadi ya ndugu, elimu ya msingi na sekondari, stashahada na mwaka wake, maneno "mahiri", "mbobezi" na "mdau", pamoja na ndoa na watoto. Zilizoongezwa kutokana na majibu ya X ni majina ya matamasha, idadi ya vikundi na mahali pa mazoezi. Mtumie X orodha hiyo kwa Kiswahili pamoja na tafsiri, hata kama anasoma Kiingereza vizuri. Mtu akisoma wasifu wake katika lugha nyingine huvutiwa na mtiririko na anaweza asitambue kilichokosekana mpaka ndugu zake wamuulize.

Mwisho, waandaaji wengi huomba pia toleo la sentensi mbili kwa ajili ya bango au la mtangazaji. Usilitafsiri upya kutoka Kiswahili. Chukua sentensi ya kwanza na ya pili za toleo hili, ukate kuanzia "many of whom", na uhakikishe kwamba mwaka 2012 umebaki, kwa kuwa ndio unaomwonyesha msikilizaji kwamba kikundi hicho hakikuanza jana.